Majina saba kwenye kaunta buku: uchambuzi wa kisa cha kupunguza wafanyakazi, karakana ndogo ya Tanga

Kisa hiki ni cha mwaka 2019. Nimeondoa jina la karakana, mtaa ilipo na majina ya wahusika wote, na viwango vya mishahara nimeviviringisha ili hesabu isomeke. Mengine yako kama yalivyotokea. Sheria ninayoitaja ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kama zilivyokuwa zikisomeka wakati huo.

Karakana yenyewe

Ilikuwa karakana ya mazulia na vikapu vya katani, yenye waajiriwa 21. Wanane walifuma kwenye mashine, watano walishona pindo na kumalizia, watatu walikaa kwenye mapipa ya rangi. Waliobaki walikuwa mhasibu, mtunza stoo, dereva na walinzi wawili. Mwenye karakana alisimamia kila kitu mwenyewe, akisaidiwa na mfumaji mmoja mkongwe aliyekuwa kama msimamizi. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi wala afisa utumishi. Mafaili ya waajiriwa yalikaa kwenye boksi la karatasi za printa chini ya meza ya mhasibu.

Wafumaji walilipwa shilingi 260,000 kwa mwezi, washonaji 208,000. Kazi ilikuwa siku sita kwa wiki.

Kati ya kila mazulia kumi yaliyotoka hapo, sita yalichukuliwa na mnunuzi mmoja wa nje. Mwezi Machi mnunuzi huyo alipunguza oda kwa barua pepe. Wiki moja baada ya Idi, mwezi Juni, akaleta barua pepe nyingine kwamba msimu unaofuata hatachukua kabisa. Wote waliosoma hiyo ya pili peke yake waliliona jambo hili kuwa la ghafla. Mimi niliwaomba warudi kwenye ile ya Machi, na nitaeleza kwa nini.

Jumamosi jioni

Jumamosi ya wiki hiyo mwenye karakana alikaa na mhasibu wake, wakafungua kaunta buku, wakaandika majina saba: wafumaji wanne, washonaji wawili, mmoja wa rangi. Mpango ulikuwa kwamba Jumatatu asubuhi kila mmoja apewe barua na mshahara wa mwezi mmoja mkononi, aende zake. Mbele ya kila jina kulikuwa na neno moja au mawili: "mvivu", "mdomo", "hayupo mara nyingi", "amezeeka".

Mhasibu hakulala vizuri. Alinipigia Jumapili kuuliza kama "notisi ya siku 28 ikilipwa pesa taslimu, mambo yote yamekwisha". Nilimwambia notisi ya kuachishwa ni mlango wa mwisho wa nyumba, na wao walikuwa bado hawajapiga hodi.

Nilifika Jumatatu saa mbili. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani kama kawaida lakini mashine zilikuwa kimya. Mtunza stoo alikuwa amefungua kile kitabu akitafuta hesabu ya rangi. Watu wote 21 walishajua.

"Bosi, mimi nimeandikwa mvivu?" aliuliza mfumaji mmoja, mtu wa miaka mitano pale. Hakuuliza kwa ukali. Mwenye karakana alikosa la kujibu.

Tulichoamua siku ile, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuifuta orodha, na kusema mbele ya wote kwamba imefutwa. Wengine wanaweza kuona ni maigizo, kwa kuwa majina yalishaonekana. Lakini kifungu cha 38 cha sheria kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza mara tu wazo linapoanza kufikiriwa, atoe taarifa zote zinazohusu jambo hilo, kisha ashauriane kabla ya kupunguza. Kinataja na mambo ya kushauriana: sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, namna ya kuwachagua watakaoondoka, muda, na malipo ya kiinua mgongo. Mtu mwenye majina saba mfukoni hawezi kushauriana kuhusu lolote kati ya hayo, maana majibu anayo. Na kama shauri lingefika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, mzigo wa kuthibitisha kwamba kuachishwa kulikuwa halali uko kwa mwajiri. Ile kaunta buku ingekuwa shahidi wa upande wa pili.

Uamuzi wa pili ulihusu nani wa kuzungumza naye. Palipo na chama kinachotambuliwa, mazungumzo ni na chama hicho. Palipo na chama kilichosajiliwa chenye wanachama kazini, hakirukwi. Hapa hapakuwa na hata kimoja, kwa hiyo taarifa ilitakiwa iwafikie wafanyakazi wenyewe. Mwenye karakana alitaka aongee na "wale wazee wawili wanaoelewa". Nilikataa. Barua ya kusudio ilitolewa kwa wote 21, kila mmoja akasaini nakala, na wakaambiwa wachague wenyewe watu wanne wa kuwasemea. Walimchagua msimamizi, mshonaji mmoja, yule wa rangi, na huyo aliyeandikwa "mdomo". Huyu wa mwisho ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote.

Uamuzi wa tatu ulihusu muda. Mwenye karakana alitaka siku tatu, akisema fedha zinakwisha. Kanuni za 2007 zinakubali kwamba dharura ya biashara inaweza kufupisha mashauriano, ila zinaweka sharti ambalo waajiri wengi hulisahau: haraka hiyo isiwe imeletwa na mwajiri mwenyewe kwa kuchelewa kuanza. Ndiyo maana ile barua pepe ya Machi ilinisumbua. Mtu aliyejua tangu Machi kwamba oda zinaporomoka hawezi kudai mwezi Juni kwamba nyumba inawaka. Tulipanga vikao vinne ndani ya wiki tatu.

Vikao vinne chini ya mwembe

Kikao cha kwanza kilihusu taarifa, na kilikuwa kigumu kuliko vyote. Mwenye karakana hakuwahi kumwonyesha mtu vitabu vyake. Tulikubaliana atoe mambo manne: oda za miezi 12 iliyopita kwa idadi ya mazulia, jumla ya mishahara kwa mwezi, gharama nyingine kubwa, na hesabu ya mashine ngapi zitahitajika mnunuzi huyo akiondoka. Jina la mnunuzi na bei tuliziacha nje, kwa kuwa zingeweza kumharibia biashara na hazikuhitajika kuelewa tatizo.

Yule "mdomo" aliipitia karatasi ya gharama kwa kidole, mstari kwa mstari, akasimama pamoja na kidole chake.

"Samahani bosi. Hii Noah, laki sita na nusu kila mwezi, inabeba mazulia?"

Ilikuwa gari ya familia iliyonunuliwa kwa mkopo na kulipiwa na karakana. Kimya kilikuwa kirefu. Nilitarajia mwenye karakana angekasirika na kuvunja kikao. Akasema, "Hiyo niachieni, nitaitoa." Na kweli aliitoa kwenye hesabu za karakana mwezi uliofuata. Fedha hiyo haikutosha kuokoa biashara iliyopoteza zaidi ya nusu ya mauzo, lakini itaonekana tena mbele kwenye kiinua mgongo.

Kikao cha pili kilikuwa cha njia mbadala. Mwakilishi wa rangi alikumbusha jambo ambalo hata mhasibu alikuwa hajaliandika vizuri: kila siku ya kufungasha mzigo waliletwa vibarua watatu au wanne wa kutwa. Kama vibarua wakisimamishwa na mtu mmoja wa rangi akahamia kufungasha, nafasi moja inaokoka. Ikakubaliwa. Kutoka saba tukabaki sita. Wazo la kupunguza siku za kazi kwa wote lilijadiliwa nusu saa likakataliwa na wafanyakazi wenyewe. Walisema mshahara wa siku nne haulipi kodi ya chumba Ngamiani, na afadhali wachache waondoke na kitu kuliko wote wabaki na njaa. Sikubaliani sana na hoja hiyo, lakini ilikuwa yao na iliandikwa kwenye muhtasari kama ilivyosemwa.

Kisha ikaulizwa kama kuna anayependa kuondoka kwa hiari kwa malipo yaleyale. Wawili wakajitokeza: mshonaji mmoja mwenye umri, na mfumaji aliyekuwa na shamba la machungwa Muheza. Hapa kuna jambo dogo la kuchunga. Mtu anayejitolea asiandike barua ya kuacha kazi. Barua zao zilitoka kwa mwajiri na zilisema wazi kwamba ajira imekoma kwa sababu ya kupunguzwa nafasi. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hukosa fao la kukosa ajira la NSSF, na barua ya maneno mawili iliyoandikwa vibaya inaweza kumfungia mtu huo mlango.

Zilibaki nafasi nne za kuchagua: wafumaji watatu kati ya saba, mshonaji mmoja kati ya wanne.

Daftari la mahudhurio

Kikao cha tatu kilikuwa cha vigezo, na hapa nitakaa kidogo.

Mwenye karakana alikuja na vigezo vinne: mahudhurio, nidhamu, ubora wa kazi, na "moyo wa kazi". Hicho cha nne kiliondoka dakika ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza kinapimwaje. Ubora wa kazi ungekuwa kigezo kizuri kama karakana ingekuwa na kumbukumbu za mazulia yaliyorudishwa na nani aliyafuma. Haikuwa nazo. Bila kumbukumbu, ubora unageuka kuwa kumbukumbu ya msimamizi kuhusu nani alimuudhi.

Mahudhurio yalionekana salama. Daftari lipo, alama zipo, namba hazina upendeleo. Nikaomba tulifungue kabla ya kukubali. Tulianza na mshonaji aliyekuwa kwenye orodha ya Jumamosi kwa maneno "hayupo mara nyingi". Kwenye ukurasa wake kulikuwa na alama za X mfululizo, mstari baada ya mstari. Nilizihesabu kwa kalamu: 72. Likizo ya uzazi kwa sheria ni siku 84, yaani wiki 12, na kwa karakana inayofanya kazi siku sita kwa wiki hizo ni siku 72 za kazi. Hakuwahi kukosa siku nyingine hata moja mwaka ule. Daftari lilikuwa na alama moja tu ya kutokuwepo, likawaweka kapu moja mzazi, mgonjwa mwenye cheti cha daktari na mtegaji.

Kanuni za 2007 zinasema kigezo kinachogusa haki ya msingi, kama ujauzito au uanachama wa chama, hakiwezi kuwa cha haki. Zinaongeza kwamba hata kigezo kisicho na ubaguzi kwa sura kichunguzwe matokeo yake. Zenyewe zinatoa mfano wa kuwachagua wafanyakazi wa muda usio kamili tu, ambao unaweza kuwaangukia wanawake zaidi. Daftari letu lilikuwa mfano wa namna hiyohiyo. Tungeweza kulisafisha, tukaondoa likizo na vyeti, lakini vyeti vya miaka ya nyuma havikuwepo kwenye lile boksi la printa. Mahudhurio yakaachwa.

Vikabaki vigezo vitatu ambavyo kila kimoja kilikuwa na ushahidi wa kushika mkononi. Cha kwanza ni upana wa ufundi: kwa kila kundi tuliorodhesha kazi tatu, kila kazi anayoiweza mtu ikampa alama 2. Kwa wafumaji zilikuwa mashine nyembamba, mashine pana, na kuandaa nyuzi za kutandika. Cha pili ni nidhamu: asiye na onyo la maandishi ndani ya miezi 12 alipata 3, mwenye onyo moja alipata 1. Maonyo ya mdomo hayakuhesabiwa, na hapo mwenye karakana aligundua kwamba maandishi yalikuwa mawili tu kwa karakana nzima. Cha tatu ni muda wa kazi: alama 1 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho 6. Jumla ya juu ni 15. Wakifungana, aliyeingia mwisho ndiye atakayetoka.

Msimamizi na mhasibu walijaza alama kila mtu kivyake, kisha wakalinganisha. Kila mfanyakazi alionyeshwa karatasi yake, si ya mwenzake, akapewa siku tatu za kupinga. Wawili walipinga. Mmoja alikuwa na haki, mwaka wake wa kuanza kazi ulikosewa, ukarekebishwa.

Kikao cha nne kilikuwa cha fedha. Sheria inataka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Wafanyakazi waliomba siku 14, mwenye karakana akasema saba. Ilikuwa yule "mdomo" tena aliyeikumbusha Noah. Wakakutana kwenye kumi. Kama wasingekubaliana, sheria inataka jambo lipelekwe kwenye usuluhishi wa CMA, na barua zisitoke kwanza.

Hesabu ya mmoja wao ilikuwa hivi. Mfumaji wa miaka minne, 260,000 kwa mwezi. Mshahara wa siku unapatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 4.333 mara siku za kazi za wiki, yaani karibu 26, hivyo 10,000. Siku kumi mara miaka minne ni 400,000. Kima cha sheria kingekuwa 280,000. Likizo aliyokuwa hajaichukua ilikuwa ya nusu mwaka: siku 156 za kazi, na kila siku 13 zinazaa siku moja ya malipo, hivyo 12, sawa na 120,000. Notisi ya siku 28 aliifanyia kazi akalipwa mshahara wake. Aliondoka na 520,000 juu ya mshahara, pamoja na cheti cha utumishi. Mmoja wa wenzake, aliyeajiriwa kutoka Lushoto, aliongezewa gharama za kurudi kwao.

Matokeo

Barua zilitoka mwishoni mwa Julai. Kila moja ilitaja sababu, tarehe ya mwisho na mchanganuo wa malipo. Hakuna aliyepewa barua akiwa likizo. Mshonaji wa siku 72 alibaki, kwa alama 12. Mfumaji aliyeandikwa "mvivu" alibaki pia, akiwa wa tatu. Kati ya majina saba ya Jumamosi, mawili tu yalikuwemo kwenye nne za mwisho. Nilimwonyesha mwenye karakana hesabu hiyo. Alinyamaza, akaagiza chai.

Karakana ilivuka mwaka ikiwa na mashine nne zinazofanya kazi. Lakini mambo mawili yalikwenda kombo, na yote mawili tungeweza kuyaona mapema.

Kosa la kwanza: fundi aliyepotea

Kwenye kundi la wafumaji alama zilikuwa 14, 13, 12, kisha wawili wenye 11, halafu 9 na 8. Wa 9 na 8 walikuwa wanaondoka. Wa tatu alitakiwa atoke kati ya wale wawili wa 11. Mmoja alikuwa na miaka tisa kazini na aliweza mashine nyembamba tu: 2, 3 na 6. Mwingine ni kijana wa miaka miwili anayeweza kazi zote tatu: 6, 3 na 2. Kwa kanuni ya kufungana, kijana akatoka.

Hapo ndipo mwenye karakana alipopandisha sauti. Kijana huyo ndiye peke yake aliyejua kutengeneza mashine pana ikikwama. "Vigezo vyenu vimeniondolea fundi wangu!"

Alitaka tuongeze alama za matengenezo. Nilikataa, na bado naamini nilikuwa sahihi: kigezo kinachoongezwa baada ya majina kujulikana kinamwangukia mtu mmoja mwenye jina na sura, hata kama kina mantiki. Mzee wa miaka tisa angekwenda CMA na angesikilizwa. Lakini nilikosea kwenye kikao cha tatu. Kanuni zinakubali kabisa haja ya kubakiza kazi za msingi na ujuzi maalumu, hata pale inapotumika njia ya aliyeingia mwisho atoke kwanza. Tulipaswa kuuliza kabla ya kugusa alama: kazi gani lazima ziwepo Septemba ili karakana iamke? Matengenezo yangetajwa na mtu yeyote. Sisi tuliorodhesha kazi za kufuma kwa sababu kundi linaitwa wafumaji, na hakuna aliyefikiria siku mashine inapokwama.

Sasa huwa nafanya jaribio moja. Kabla vigezo havijasainiwa, namwomba mwajiri achore karakana itakavyokuwa baada ya kupunguza, kwa kazi na si kwa watu, aniambie nani atafanya nini siku ya kawaida na siku mbaya. Akisita mahali, hapo kuna kigezo kilichosahaulika.

Kosa la pili: mipaka ya makundi

Mshonaji aliyeondoka alipata 10. Wenzake watatu walikuwa na 12, 13 na 14. Hakupinga karatasi yake kwa sababu karatasi ilikuwa sahihi. Wiki mbili baada ya siku yake ya mwisho alifungua shauri CMA, ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa kwa kuachishwa kazi. Hoja yake ilikuwa moja: yeye aliajiriwa kufuma. Alifuma miaka mitatu kwenye mashine zote mbili, kisha akahamishiwa pindo kwa sababu washonaji walipungua. Barua yake ya ajira ilisema "mfanyakazi wa uzalishaji".

Tulifungua boksi. Barua za wote 13, wafumaji na washonaji, zilikuwa na maneno hayohayo. Nilichukua karatasi ya wafumaji nikamjaza yeye: mashine mbili 4, nidhamu 3, miaka mitano 5. Jumla 12. Angewekwa kwenye kundi hilo angewapita wote wawili wa 11.

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumechora makundi kwa kuangalia mtu amekaa wapi Juni ile, bila kusoma barua zao wala kuuliza nani anaweza kubadilishana na nani. Vigezo vikawa vya haki ndani ya duara lisilo la haki. Wawakilishi nao hawakuliona, kwa sababu makundi yalionekana jambo la kawaida mno kujadiliwa. Halikuwemo hata kwenye ajenda. Kwa sheria ya wakati ule, fidia ya kuachishwa isivyo halali ilianzia mishahara ya miezi 12. Siku ya usuluhishi mwenye karakana alikubali kulipa miezi minne, 832,000, na mama yule akakubali. Mkataba wa usuluhishi ukasainiwa mchana uleule. Alipotoka nje alimwambia mwenye karakana, "Ungeniuliza tu, baba. Ningekuambia najua kufuma."

Yaliyosimama

Nikipima sasa, kilichookoa zoezi ni mambo mawili: barua ya kusudio kwenda kwa wote 21, na ile kazi ya kulifungua daftari kabla ya kulikubali. Mihtasari ya vikao, iliyosainiwa na wawakilishi wanne, ilifanya shauri la mshonaji liwe la hoja moja tu. Hakudai kwamba hakushirikishwa wala kwamba sababu ilikuwa ya uongo. Msuluhishi aliisoma mihtasari dakika kumi, akaiweka kando, akauliza kuhusu makundi.

Kiinua mgongo cha siku kumi kilimgharimu mwenye karakana zaidi ya kima cha chini, lakini hakuna hata mmoja kati ya watano wengine aliyekwenda CMA. Siwezi kusema ni kwa sababu ya fedha au kwa sababu ya kuonyeshwa karatasi zao. Nadhani karatasi zilichangia zaidi.

Kuhusu kijana wa mashine: Oktoba mashine pana ilikwama, na aliitwa kuja kuitengeneza. Alikuja na begi lake la vyuma, akatoza shilingi 40,000, akaondoka. Novemba akaitwa tena mara mbili. Mwenye karakana alinipigia kuuliza kama anaweza sasa kumwajiri. Nilimwuliza kwanza kama mfumaji wa 9 na yule wa 8 wameshaambiwa kwamba kuna nafasi.